Sisimizi wanne wa mgunga wa nundu: mti upi uachwe, upi upunguzwe?

Kwenye udongo mweusi wa Laikipia, ule unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, karibu miti yote ni ya aina moja. Ni mgunga wa nundu, Vachellia drepanolobium, ambao vitabu vya zamani huuita Acacia drepanolobium. Ni mti mdogo, wenye miiba mirefu iliyonyooka na, katikati ya miiba hiyo, mingine iliyovimba mashinani ikawa nundu za mviringo. Nundu hizo zina matundu, na upepo ukipita hupiga mluzi. Ndani wanaishi sisimizi.

Makala haya ni kwa anayelazimika kuchagua kati ya miti hiyo. Huenda unasimamia ranchi na unataka kupunguza miti ili nyasi zipate nafasi, lakini ubakize ile itakayodumu. Huenda mnaendesha hifadhi yenye tembo, au wewe ni mwanafunzi unayetafuta miti ya kufuatilia. Wengi huangalia ukubwa wa mti na unene wa shina. Mimi naona swali la kwanza liwe: nani anaishi humu? Kuna aina nne za sisimizi wanaoishi kwenye mgunga huu Laikipia, na miti miwili iliyosimama bega kwa bega, yenye urefu sawa, inaweza kuwa na hatima tofauti kabisa kwa sababu ya wapangaji wake.

Kila upande unapata nini

Mti unatoa vitu viwili. Cha kwanza ni nyumba. Nundu hazisababishwi na sisimizi. Mti huzitoa wenyewe, zikiwa laini na za kijani, nao sisimizi huzitoboa na kuzikwangua ndani kabla hazijakauka. Cha pili ni nekta, ambayo haitoki kwenye maua bali kwenye vitezi vidogo vilivyo kwenye kikonyo cha jani. Ni sukari tu. Protini sisimizi wanaitafuta wenyewe.

Wao wanarudisha ulinzi. Mnyama akivuta tawi, wanamiminika nje na kuuma, na wanachokilenga zaidi ni ngozi laini ya midomo, pua na macho. Hawakurupuki ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sisimizi wa aina ya Crematogaster mimosae hutofautisha mtikisiko wa mnyama anayekula na ule wa upepo, kisha huufuata mpaka mahali ulipoanzia. Bila uwezo huo wangechoka bure, maana kule nyanda za juu upepo hauishi.

Ulinzi huu hufanya kazi vizuri kuliko mtu anavyodhani akiangalia ukubwa wa tembo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, tembo yatima wanaolelewa nchini Kenya walipewa matawi ya kuchagua. Matawi ya mgunga wa nundu yaliyoondolewa sisimizi waliyala kama walivyokula mti mwingine wanaoupenda. Sisimizi walipowekwa kwenye huo mti wanaoupenda, tembo waliukwepa. Hapo ikawa wazi kwamba si ladha ya jani wala ncha ya mwiba inayomzuia tembo, bali wale wadudu. Mkonga una ngozi laini ndani, na sisimizi akiingia humo hana njia rahisi ya kutolewa.

Kwa twiga mambo ni tofauti. Ulimi wake mrefu hupita kati ya miiba, naye huendelea kula huku akiumwa. Sisimizi humfanya akae muda mfupi zaidi kwenye mti mmoja kisha asogee, lakini hawamfungii mlango. Kwa hiyo usitegemee mti wenye sisimizi wakali usiguswe kabisa.

Vigezo vya kulinganisha

Nitawapima wote wanne kwa mambo manne. Kwanza ulinzi: tawi likitikiswa, wangapi wanatoka, na kwa kasi gani? Pili gharama: wanauchukulia mti nini zaidi ya nyumba? Tatu mbegu: mti ukiwa na sisimizi hawa, unatoa maua na maganda ya mbegu? Nne uimara: shina linabaki zima, na koloni lenyewe linaweza kuushikilia mti dhidi ya majirani?

Kigezo hicho cha mwisho kina uzito kwa sababu kwa kawaida mti mmoja hushikwa na koloni moja tu. Matawi ya miti miwili yakigusana, vita huanza, na asubuhi yake utakuta maiti za sisimizi chini ya mti. Kwa nguvu za vita wanapangika hivi, kuanzia mshindi: Crematogaster sjostedti, Crematogaster mimosae, Crematogaster nigriceps, na mwisho Tetraponera penzigi. Utaona kwamba mpangilio huo haufanani hata kidogo na mpangilio wa faida kwa mti.

Kifua chekundu (Crematogaster mimosae)

Kichwa na kifua chake ni vyekundu, tumbo ni jeusi. Akikasirika hulipindua tumbo juu ya mgongo, kama wafanyavyo ndugu zake wawili wa jamii ya Crematogaster. Huyu ndiye utakayemkuta mara nyingi zaidi. Kwenye maeneo yaliyochunguzwa Laikipia anashika takriban nusu ya miti.

Ulinzi: mkali. Shika tawi ulisugue kwa mkono wenye glavu, na kabla hujamaliza kuhesabu kumi glavu itakuwa imejaa. Wanatoka kwenye nundu za tawi hilo, kisha wa matawi ya jirani wanafuata.

Gharama: huyu ndiye anayeutegemea mti zaidi. Anakunywa nekta nyingi, anajaza nundu nyingi kwa watoto wake, na juu ya hayo anafuga wadudu-gamba, wale wanaojibandika kwenye gome na kufyonza utomvu, ili apate majimaji matamu wanayoyatoa. Wadudu-gamba hao ni mzigo halisi kwa mti, na ukiwaona wengi kwenye tawi usidhani mti unaumwa. Ni sehemu ya malipo ya ulinzi.

Mbegu: mti unachanua na kuzaa.

Uimara: shina hubaki zima kwa sehemu kubwa, na koloni lina nguvu za kutosha kuwashinda wawili walio chini yake. Udhaifu wake ni kwamba ukali wake unategemea malipo. Mti ukipunguza nekta na nundu, koloni husinyaa na kulegea, jambo nitakalolirudia hapa chini kwa sababu lina matokeo makubwa.

Kichwa cheusi (Crematogaster nigriceps)

Kifua ni chekundu, kichwa na tumbo ni vyeusi. Kwa mbali ni rahisi kumchanganya na aliyetangulia, lakini mti wake hauchanganyiki: majani yamebanana karibu na matawi, vichipukizi vya pembeni vimekatwa, na umbo zima limebana kana kwamba limepogolewa kwa makasi.

Ulinzi: mkali, sawa na kifua chekundu.

Gharama na mbegu hapa ni kitu kimoja, na inafaa tukae nayo kidogo. Sisimizi huyu hung'ata vichipukizi vya pembeni, vikiwemo vile ambavyo vingekuwa maua. Matokeo yake ni kwamba mti hauzai. Unaishi, una majani mengi mapya na vitezi vya nekta karibu na nundu, lakini maganda ya mbegu hayapo. Ukiuona wakati miti yote ya jirani imechanua, utaujua kwa kukosa maua.

Anafanya hivyo kwa hofu ya kuvamiwa. Maadui wanaomzidi nguvu huingia kupitia matawi yanayogusana, kwa hiyo anauzuia mti usitanuke kuelekea kwa jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba upogoaji huo una mwelekeo: unazidi upande ule ambao jirani ana sisimizi adui. Kwa koloni ni mkakati wa kujiokoa, na gharama yake inabebwa na mti.

Uimara: mti wenyewe unalindwa vizuri dhidi ya walaji majani. Koloni ndilo lililo hatarini, kwa sababu kifua chekundu au mweusi wa shina, yaani Crematogaster sjostedti, akipata daraja la tawi moja tu, humng'oa.

Mweusi wa shina (Crematogaster sjostedti)

Mweusi mwili mzima, na mara nyingi utamkuta kwenye miti mikubwa. Ishara bora si rangi yake bali mahali anapoishi. Hatumii nundu kulea watoto. Anaishi ndani ya mashina na matawi manene, kwenye vijia vilivyochimbwa na funza wa mbawakawa wenye papasi ndefu.

Ulinzi: hafifu. Tikisa tawi na watatoka wachache, wakitembea bila haraka. Nashangazwa na hili kila ninapoliona, kwa sababu huyu huyu ndiye bingwa wa vita kati ya sisimizi. Nguvu zake anazitumia dhidi ya sisimizi wenzake, si dhidi ya mnyama anayekula mti.

Gharama: naye anafuga wadudu-gamba. Lakini gharama kubwa iko ndani ya mbao. Kwa kuwa makazi yake ni mashimo ya mbawakawa, hana sababu ya kumfukuza mbawakawa, na miti aliyoishika hushambuliwa na funza hao zaidi. Tafuta unga wa mbao kwenye maungio ya matawi, matundu kwenye shina, na matawi yaliyokauka nusu wakati nusu nyingine ina majani.

Mbegu: mti unazaa, na kwa kuwa mara nyingi ni mti mkubwa, unaweza kuzaa sana.

Uimara: koloni ni imara kuliko yote. Shina ndilo linaloliwa ndani kwa ndani.

Mwembamba (Tetraponera penzigi)

Naye ni mweusi mwili mzima, lakini ni mrefu na mwembamba, na hainui tumbo juu ya mgongo. Angalia tundu la nundu: lake ni dogo sana, kiasi kwamba sisimizi wa aina nyingine tatu hapiti kwa urahisi. Ndiyo ngome yake, kwa sababu katika vita vya wazi huyu hushindwa na wote.

Ulinzi: wa wastani kuelekea hafifu. Hatoki kwa wingi kama kifua chekundu au kichwa cheusi.

Gharama: hafugi wadudu-gamba, hilo ni jambo jema kwa mti. Lakini anaharibu vitezi vya nekta kwa kuving'ata. Ukichukua jani kwenye mti wake na kuangalia kikonyo kwa kioo cha kukuzia, utaona makovu mahali palipopaswa kuwa na kitezi kinachong'aa. Maelezo yanayoonekana kuwa na mantiki zaidi ni kwamba mti usio na nekta hauwavutii wapinzani wake. Kwake yeye ni afadhali njaa kidogo kuliko vita asivyoviweza.

Mbegu: hapogoi, na mti unazaa.

Uimara: mti haupati jeshi kubwa la kuulinda, ila pia haubebi mzigo mzito. Koloni hudumu ikiwa mti umejitenga. Matawi yakishaguswa na ya jirani mwenye nguvu, siku zake zinahesabika.

Wanyama wakiondolewa

Ukisoma mpaka hapa unaweza kufikiri suluhisho ni rahisi: weka uzio, tembo na twiga wasiingie, na suala la nani mlinzi mzuri litakufa lenyewe. Jaribio hilo limefanywa. Mwaka 1995, katika eneo la Mpala huko Laikipia, maeneo yalizungushiwa uzio wa kuzuia wanyama wakubwa, na mengine yakaachwa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, baada ya uzio kukaa takriban miaka kumi, yalikwenda kinyume na matarajio.

Miti iliyokuwa ndani ya uzio ilipunguza malipo: nundu chache, vitezi vya nekta vichache. Kwa mti huo ni uamuzi wenye maana, kwani hakuna anayeula. Lakini kifua chekundu, anayeishi kwa malipo hayo, alipata njaa. Makoloni yake yakawa madogo na hayana ukali, naye akazidi kutegemea wadudu-gamba. Mweusi wa shina, ambaye hahitaji nundu na haishi kwa kutegemea nekta kama mwenzake, akachukua miti iliyoachwa. Sehemu yake ya miti iliongezeka takriban mara mbili. Akaja na mbawakawa. Mwishowe miti ambayo haikuliwa na mnyama yeyote mkubwa ilikua polepole zaidi na kufa zaidi kuliko ile iliyokuwa ikiliwa nje ya uzio.

Kwangu hili ndilo somo zito kuliko yote kwa anayesimamia ardhi hii. Tembo na twiga ndio wanaoufanya mti uendelee kulipa, na malipo hayo ndiyo yanayomweka mlinzi kazini. Ukiwa na eneo lililofungwa kwa muda mrefu na unataka kujua kama limefika huko, usingoje miti ianze kufa. Linganisha nundu kwenye matawi ya urefu sawa ndani na nje ya uzio, tikisa matawi uone wanaotoka, na tafuta unga wa mbao.

Mti hauishi na mmoja tu

Kitu kingine kinachozuia mtu kumtangaza mshindi ni umri. Mgunga huu huishi miaka mingi, na katika maisha yake hupita mikononi mwa sisimizi zaidi ya mmoja. Ukiwa mdogo mara nyingi unashikwa na kichwa cheusi au mwembamba. Ukikua na matawi yakagusana na majirani, kifua chekundu na mweusi wa shina huingia.

Watafiti waliokokotoa faida ya maisha yote ya mti, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2010, walikuta kwamba mti unaopitia kwa wote wanne, hata yule anayeufanya tasa, hufanikiwa zaidi kuliko ukibaki na mmoja tu. Kichwa cheusi anapoushika mti mdogo, hasara ya mbegu si kubwa kwa sababu mti wa umri huo bado hauzai sana, wakati ulinzi wake mkali unauvusha kipindi ambacho mbuzi, swala au tembo wangeumaliza. Mweusi wa shina anaufikia mti ukiwa mkubwa, wakati ambao unaweza kuzaa sana hata kama shina linaliwa.

Kwa hali yako

*Unapunguza miti ili nyasi zipate nafasi, na tembo wanapita.* Bakiza ya kifua chekundu ikiwa mikubwa, na ya kichwa cheusi ikiwa midogo. Ukianza na kukata ya mweusi wa shina yenye unga wa mbao, unaondoa ile ambayo tayari iko njiani kufa. Usiikate yote, hasa pale ambapo ndiyo yenye maganda mengi kuliko mingine.

*Unataka miti ya kutoa mbegu.* Ile ya kichwa cheusi haitakusaidia hata iwe na afya kiasi gani. Chagua ya kifua chekundu, au ya mwembamba iliyosimama peke yake. Angalia msimu wa maua, kwa sababu nje ya msimu mti wa kichwa cheusi na mingine inaweza kukudanganya.

*Eneo lina mifugo tu, hakuna tembo.* Tofauti kati ya walinzi hupungua, ingawa haiishi, kwa kuwa mbuzi nao huumwa. Hapa ningetilia mkazo shina zima, na mti wa mwembamba unakuwa chaguo zuri kuliko unavyoonekana kwenye orodha ya walinzi.

*Unafanya utafiti na una muda mfupi.* Kichwa cheusi na mwembamba ndio wanaoacha alama zinazoonekana kwa macho kwenye mti wenyewe: upogoaji na makovu ya vitezi. Ukitaka kupima ulinzi, fuata kifua chekundu, ukitikisa kwa nguvu na muda ule ule kwenye kila mti, na usirudie tawi lile lile siku hiyo, maana koloni lililochokozwa halijibu kama lililotulia.

*Umekuta sisimizi ambaye si yeyote kati ya hawa wanne.* Kuna aina vamizi iitwayo Pheidole megacephala, ambayo baadhi ya wafanyakazi wake wana kichwa kikubwa kupita kiasi ukilinganisha na mwili. Inatoka ardhini, inaua sisimizi wa jamii ya Crematogaster na watoto wao ndani ya nundu, kisha haiulindi mti. Katika maeneo ya Laikipia iliyoyavamia, miti iliyovunjwa na tembo ilikuwa mara 5 hadi 7 zaidi ya maeneo ambayo haijafika. Kabla ya kuamua chochote kuhusu miti, kagua udongo kuzunguka shina na uweke alama mahali ulipowakuta. Miti iliyo nje ya mpaka huo bado ina walinzi wake, na ndiyo ya kubakiza kwanza. Udongo, magogo na nyasi kavu kutoka ndani ya mpaka huo visisafirishwe kwenda upande wa pili.